Kuomba Bajeti ya Kinga ya Kompyuta kwa Hesabu ya Hasara

Ombi la kununua programu ya ulinzi wa kompyuta hukataliwa mara nyingi kwa sababu linaeleza sifa za programu, ilhali bodi inataka kujua shilingi. Njia inayofaa zaidi ni kuonyesha hasara inayotarajiwa kwa mwaka bila kinga, hasara itakayobaki kinga ikiwekwa, kisha kulinganisha tofauti hiyo na gharama. Hasara ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha hasara ya tukio moja na idadi ya mara ambazo tukio hilo hutarajiwa kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo nchini Kenya, chenye kompyuta 80. Tishio ni programu hasidi inayofunga mafaili yote na kudai fidia. Mafaili yakifungwa bila kinga yoyote mpya, huduma zitasimama siku 5, na kila siku chama hupoteza ada na riba za shilingi 600,000. Hizo ni milioni 3. Mafundi wa nje na ujenzi mpya wa seva ni milioni 4. Kuingiza upya kumbukumbu za miamala kutoka stakabadhi za karatasi, pamoja na malipo ya saa za ziada, ni milioni 2. Jumla ni milioni 9. Tukio kama hilo likikadiriwa kutokea mara moja kwa miaka 5, hasara ya mwaka ni milioni 1.8.

Kila tarakimu iwe na mwenyewe. Ada za siku zithibitishwe na mhasibu, na gharama ya mafundi itokane na bei waliyoiandika wao. Kishawishi kikubwa ni kuongeza faini ili kutia hofu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hicho ni kikomo, na kukiingiza chote kana kwamba ni lazima kitatozwa humpa mkurugenzi makini sababu ya kuzitilia shaka hesabu nyingine zote.

Programu inayoombwa hufuatilia mwenendo wa kila kompyuta na kuitenga mtandaoni ile inayoanza kufunga mafaili. Kwa kompyuta zote 80, leseni na muda wa mtumishi wa kusoma tahadhari zake hugharimu shilingi 900,000 kwa mwaka. Haizuii mtu kufungua barua pepe ya ulaghai, kwa hiyo tukio linabaki mara moja kwa miaka 5, lakini hasara yake inashuka hadi milioni 3. Hasara ya mwaka inakuwa 600,000. Kilichookolewa ni milioni 1.2, na faida baada ya gharama ni 300,000.

Hapo ndipo maombi mengi huishia, na ndipo kosa kubwa hujificha. Huenda chama hakina hata nakala rudufu ya data inayohifadhiwa nje ya mtandao. Nakala hiyo ingegharimu 250,000 kwa mwaka na peke yake ingeshusha hasara ya tukio kutoka milioni 9 hadi 5, yaani kuokoa 800,000 kwa mwaka. Nakala ikishakuwepo, programu iliyowekwa kwenye kompyuta zote itashusha hasara kutoka milioni 5 hadi 2 tu. Itaokoa 600,000 kwa gharama ya 900,000. Manufaa ya kinga mbili hayajumlishwi, kwa kuwa zote zinapunguza hasara ileile.

Ombi lenye nguvu zaidi basi ni nakala rudufu kwanza, kisha programu kwenye seva na kompyuta za kaunta na mikopo pekee, kwa 350,000. Mpango huo ukishusha hasara kutoka milioni 5 hadi 2.5, programu itaokoa 500,000 kwa mwaka.

Kadirio legevu kuliko yote ni lile la miaka 5, na wakurugenzi wataliuliza. Badala ya kuling'ang'ania, mwombaji aoneshe mpaka wake: kwa kuwa kila tukio litaokolewa milioni 2.5, programu inajilipa ikiwa shambulio linatarajiwa walau mara moja kwa miaka 7. Likitarajiwa mara moja kwa miaka 10, itaokoa 250,000 tu, na fedha hizo ni heri zitumike kwingine. Bodi inaweza kujadili mpaka huo kwa kuangalia mashambulio yaliyovikumba vyama vinavyofanana na chao.

Ukurasa wa mwisho wa ombi uitaje hasara inayobaki, milioni 2.5 kwa tukio, ili bodi iamue kuibeba au kuikatia bima, na uamuzi huo uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Utaje pia vipimo vya mwaka wa kwanza: kompyuta zilizokusudiwa ambazo programu inafanya kazi kweli, dakika zinazopita kabla tahadhari haijasomwa, na saa zilizotumika kurejesha data kutoka kwenye nakala katika jaribio halisi.