Mshahara wa Yuro Katika Akaunti ya Faranga

Katika mji wa Bujumbura wako watu ambao mwajiri wao yu mbali, Brussels au Nairobi au Jeneva, na kazi yao huifanya hapa, wengine kwa tafsiri, wengine kwa hesabu na wengine kwa ufundi wa tarakilishi. Na kila mwisho wa mwezi hawana shaka kwamba mshahara umetumwa, ila hawajui utafika katika sura gani, wala kwa nini mara unachelewa wiki mbili na mara unaingia umekwisha kugeuzwa faranga bila wao kutoa idhini. Aghalabu lawama huangukia benki peke yake, hali sababu ya msingi imo ndani ya hati ya malipo yenyewe na katika aina ya akaunti iliyoandikwa humo, na yote mawili mtu aweza kuyasoma kabla ya madhara kutokea.

Akaunti ya benki hufunguliwa kwa sarafu moja. Akaunti ya faranga za Burundi haiwezi kubeba yuro, wala akaunti ya dola haiwezi kuipokea shilingi ya Kenya. Na sarafu za kigeni ambazo benki za Bujumbura huzifungulia akaunti kwa kawaida ni dola na yuro. Basi hawala ikifika kwa sarafu isiyolingana na akaunti, benki ina njia tatu tu: kuigeuza fedha kwa bei yake ya kununua siku hiyo na kuiingiza, au kuiweka katika akaunti ya kusubiri mpaka mwenyewe aeleze atakalo na kuleta mkataba wa kazi au hati ya mshahara kuthibitisha asili ya fedha, au kuirudisha ilikotoka, ikiwa imepunguzwa ada kwenda na kurudi. Njia ya kwanza ndiyo ipendwayo na mitambo, kwa kuwa haihitaji mtu kuuliza swali.

Tuchukue mfano wa mfasiri akaaye Buyenzi, ambaye shirika lililoko Ubelgiji limempelekea yuro 1,000. Akiiomba benki yake ya Bujumbura nakala ya ujumbe wa malipo kama ulivyoifikia, ule ambao mwaka 2024 ulikuwa ukiitwa `MT103`, ataona mistari kama hii:

```
:32A:240628EUR980,00
:33B:EUR1000,00
:71A:SHA
:71F:EUR20,00
```

Mstari wa `33B` ni kiasi alichoagiza mwajiri. Ule wa `32A` una tarehe, yaani Juni 28, 2024, na kiasi kilichobaki baada ya makato ya njiani. Tafauti ya yuro 20 imeelezwa katika `71F`, kuwa ni ada iliyokatwa na benki za kati, na neno `SHA` lamaanisha kwamba ada zimegawanywa baina ya mtumaji na mpokeaji. Lingekuwa `OUR`, mwajiri angezibeba zote. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mpaka hapa fedha bado ni yuro. Hakuna mstari wa `36`, ambao ndio huandikwa bei ya ubadilishaji panapokuwa na ubadilishaji uliofanywa njiani. Hivyo akikuta faranga katika akaunti yake, atajua kwa yakini kwamba zimegeuzwa Bujumbura, si Brussels. Na akiukuta mstari huo umejazwa, ajue malalamiko yake yana mlango mwingine.

Sasa tuseme mfasiri huyu, kwa busara yake, amefungua akaunti ya dola akidhani amejikinga. Yuro zinafika na akaunti ni ya dola. Benki nyingine hupita kwenye faranga katikati: hununua yuro kwa faranga, kisha humuuzia dola kwa faranga hizo hizo. Kwa viwango vya mfano, tukiweka yuro kununuliwa kwa faranga 3,100 na dola kuuzwa kwa 2,950, yuro 980 huwa faranga 3,038,000, nazo huwa dola 1,029 na senti kadhaa. Hali yuro ile ile, ikibadilishwa moja kwa moja kwa dola 1.08, ingempa dola 1,058. Dola 28 na ushei zimetoweka kila mwezi bila kuandikwa popote kuwa ni ada, kwa kuwa zimo ndani ya bei. Alama ya jambo hili ni bodero yenye bei mbili badala ya moja. Na kama bodero haionyeshi bei, mpokeaji agawe dola alizopata kwa yuro zilizofika, na tarakimu hiyo ailinganishe na bei ya yuro kwa dola ya siku hiyo.

Hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ile ya kugeuzwa faranga. Tangu msukosuko wa mwaka 2015, na hasa baada ya Umoja wa Ulaya kusimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwezi Machi 2016, hazina ya fedha za kigeni ya nchi ilidhoofika, na bei ya mtaani ikaachana na bei ya Benki ya Jamhuri ya Burundi. Mwezi Februari 2020 benki hiyo kuu iliyafunga maduka yote ya kubadilishia fedha, yakaja kuruhusiwa tena mwaka 2022. Mwezi Mei 2023 bei rasmi ya dola, iliyokuwa karibu faranga 2,090, ilipandishwa kwa mara moja ikapita 2,800. Lakini kufikia mwisho wa 2024 bei ya mtaani ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile rasmi. Maana yake kwa mtu wa mshahara ni hii: dola ikigeuzwa faranga kwa bei rasmi hairudi tena kuwa dola kwa bei hiyo, kwa sababu ni nadra kumpata wa kumuuzia, na sokoni vitu vitokavyo nje vimekwisha kupangiwa bei ya mtaani. Ndiyo sababu nasema kwa uzito kwamba ubadilishaji wa lazima ni punguzo la mshahara, hata kama mkataba haukuguswa herufi moja.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuilinganisha sarafu ya akaunti na sarafu ya hawala kabla ya mshahara wa kwanza, si baada ya kulalamika. Mwenye akaunti ya dola amwombe mwajiri anunue dola huko huko Ulaya na kutuma dola. Mwenye mwajiri wa Nairobi asikubali kutumiwa shilingi, kwani hizo ndizo zikwamazo kuliko zote. Kisha aipelekee benki barua kwamba hawala zisigeuzwe bila idhini yake, aiambatanishe na mkataba wa kazi, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mpaka wa dawa hii nao ujulikane: kuwa na dola katika akaunti si sawa na kupata noti za dola gisheni, na kanuni za benki kuu juu ya fedha za kigeni zimebadilika mara nyingi mno kwa mtu kuzitegemea bila kuuliza upya.

Na kama mwajiri hulipa kwa faranga kwa thamani ya yuro, mambo yote yamo katika kifungu kimoja cha mkataba. Kisiposema ni bei ya nani na ya siku gani, mhasibu atachagua mwenyewe. Mtu ambaye mshahara wake wa Aprili 2023 ulikokotolewa kwa bei ya siku ya kuandikwa hati ya mshahara, na mwenzake ambaye wake ulikokotolewa kwa bei ya siku ya kulipwa mwezi Mei, hawakupokea faranga sawa kwa yuro zile zile. Kifungu kiandike, kwa hiyo, bei ya kununulia ya benki iliyotajwa kwa jina, siku fedha zinapoingia katika akaunti ya mfanyakazi.