Damu iko sawa lakini miguu imegoma? Mkimbiaji, ulizia feritini

Kuna mlima kwenye njia yako ambao ulikuwa unaupanda ukipiga stori na mwenzako. Siku hizi unaupanda kimya, mdomo wazi, na ukifika juu unajifanya unafunga kamba za viatu ndiyo upate kupumua. Hujaumwa popote. Umelala saa nane. Saa ya mkononi inasema mwendo ni uleule wa pole, lakini moyo unadunda kama uko kwenye mashindano.

Wengi hapa hufanya mambo mawili: kujiita wavivu na kuongeza mazoezi, au kukimbilia duka la dawa kununua ile sharubati nyekundu ya “kuongeza damu”. Kabla ya lolote kati ya hayo, kuna kipimo kimoja cha damu kinachostahili kuulizwa kwa jina lake.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 24 anayeishi Roysambu na kufanya kazi katikati ya jiji. Anajiandaa kwa nusu marathoni, na kwa wiki hukimbia kilomita 50 hivi. Miezi mitatu iliyopita alikuwa akikimbia kilomita nane za pole moyo ukipiga mara 150 kwa dakika. Sasa njia ileile, mwendo uleule, unapiga 168. Jioni akitoka kazini anasinzia kwenye matatu mpaka anapitishwa steji. Nywele zinabaki kwenye kitana. Na kuna jambo ambalo hajamwambia mtu: ndani ya mkoba ana vipande vya odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, na hawezi kumaliza siku bila kutafuna.

Hilo la odowa si tabia ya kuchekwa tu. Hamu ya kula udongo, mawe au barafu ni mojawapo ya dalili zinazojulikana za upungufu wa madini ya chuma. Tena udongo wenyewe unaweza kuyazuia madini hayo yasifyonzwe tumboni, kwa hivyo kadiri unavyoutafuna ndivyo unavyozidi kuutamani. Zile dalili nyingine, uchovu na miguu mizito, zinaweza kutokana na mambo mengi: kula kidogo kuliko unavyokimbia, malaria, mimba, tezi ya shingoni, au kukosa usingizi. Ndiyo maana kubahatisha hakufai.

Basi binti wetu anaenda kliniki na kupimwa hesabu kamili ya damu. Hemoglobini inatoka 12.6. Karatasi ya maabara imeandika kwamba kwa mwanamke kiwango cha chini ni 12. Anaambiwa damu yake iko sawa, aende apumzike.

Hapo kuna shida mbili.

Ya kwanza ni Nairobi yenyewe. Tunaishi takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mahali palipoinuka hewa ina oksijeni kidogo, kwa hivyo mwili hutengeneza hemoglobini zaidi ili kufidia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kiwango cha chini kirekebishwe kulingana na mwinuko. Kwa mtu wa Nairobi nyongeza ni karibu gramu moja, na kwa anayekaa Iten, kwenye mita 2,400 hivi, ni zaidi ya hapo. Ile 12 iliyochapishwa kwenye karatasi ingemfaa mtu wa Mombasa. Kwa mkaazi wa Roysambu, 12.6 tayari iko chini ya mstari.

Ya pili ndiyo kubwa. Hemoglobini ni pesa zilizo mfukoni. Feritini ni akiba yako ya sacco. Madini ya chuma yakianza kupungua, mwili hautoi za mfukoni kwanza. Unachota kwenye akiba, polepole, kwa miezi, huku hemoglobini ikionekana haina neno. Ikianza kushuka, akiba imeisha zamani. Na mkimbiaji huhisi mapema kuliko mtu anayekaa ofisini, kwa sababu chuma hakitumiki kwenye damu pekee. Misuli nayo inakihitaji ili kugeuza chakula kuwa nguvu.

Binti anarudi, safari hii akiomba feritini kwa jina. Jibu ni maikrogramu 11 kwa lita. WHO huhesabu chini ya 15 kuwa upungufu kwa mtu mzima mwenye afya. Madaktari wengi wa wanamichezo huanza kuwa na wasiwasi mapema zaidi, feritini ikiwa chini ya 30 au 35. Kwa vyovyote vile, ghala ni tupu.

Lakini feritini inaweza kukudanganya pia, na huku kwetu inadanganya sana. Hupanda mwili ukiwa unapigana na maradhi. Ukipimwa ukiwa na malaria au homa, au kesho yake baada ya mbio ndefu, jibu linaweza kusoma 60 na ghala bado liko karibu tupu. Kwa hivyo subiri wiki mbili hivi baada ya kuugua, pumzika siku moja au mbili bila mazoezi makali, nenda asubuhi, na uombe kipimo cha CRP pamoja nayo. Hicho huonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini. CRP ikiwa juu, usiiamini feritini ya siku hiyo.

Chuma chake kilienda wapi? Kingi kwenye hedhi, ambayo kwake ni nzito. Kingine hupotea kwa kukimbia kwenyewe: seli za damu hupasuka nyayo zinapogonga lami, na utumbo huvuja damu kidogo kwenye mbio ndefu, hasa kwa mtu anayemeza dawa za maumivu kabla ya kukimbia. Kisha kuna ini. Baada ya zoezi kali, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Hupanda saa tatu hadi sita baada ya kukimbia. Kwa hiyo mlo mzuri unaokula wakati huo huingiza chuma kidogo kuliko unavyodhani. Mwanamume mwenye feritini ya chini hana hedhi ya kulaumu. Yeye aulize kuhusu vidonda vya tumbo na minyoo kabla ya kumeza chochote.

Tukija kwenye sahani, adui wa kwanza ni kikombe cha chai. Binti wetu hula chapo madondo mchana, chai ya maziwa pembeni. Maharagwe yana chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa kumi. Chai ikishuka pamoja nacho, tanini zake hukikamata na kingi kinatoka kama kilivyoingia. Hatumwambii aache chai. Hilo Kenya ni kutafuta ugomvi. Aisogeze tu, saa moja au zaidi baada ya chakula. Mahali pa chai aweke kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho, au chungwa, au pera, kwa sababu vitamini C hufungua njia ya hicho chuma cha maharagwe, ndengu na managu.

Chuma cha nyama ni habari nyingine. Hufyonzwa vizuri zaidi, na chai haikisumbui sana. Maini ndiyo bingwa, na nyama ya ng'ombe na omena zinasaidia pia. Mutura nayo, ambayo wengine huila kwa aibu pale kona ya mtaa, ina damu ndani yake, na damu ni chuma. (Usafi wa ile mbao ya kukatia ni mjadala mwingine.) Kama unga wako wa ugali unatoka dukani, jua kwamba tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na ngano unaopakiwa uongezwe madini ya chuma. Ule wa kusagiwa posho mill hauongezwi.

Hata hivyo, kwa feritini ya 11, sahani peke yake itachukua muda mrefu mno. Mtu wa kawaida hufyonza miligramu moja au mbili tu za chuma kwa siku, na huyu anazidi kupoteza kila mwezi. Daktari anamwandikia tembe za feras salfeti za miligramu 200, ambazo kila moja ina takriban miligramu 65 za chuma halisi. Anamwambia ameze moja, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Watu hushangaa hapo. Mbona si kila siku, au mara tatu kama zamani? Kwa sababu ya ile hepsidini. Tembe yenyewe huipandisha, kwa hiyo ya kesho inakuta mlango umefungwa. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake wenye akiba ndogo walifyonza chuma zaidi walipomeza siku moja na kuruka moja. Tena tumbo linapata nafuu, maana tembe hizi huleta kichefuchefu na kufunga choo, na wengi huziacha kwenye droo wiki ya pili. Binti anameza yake asubuhi, kwa maji au juisi ya chungwa, kabla ya kukimbia au mara tu anaporudi, na chai inasubiri mpaka saa nne. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni kawaida. Kikiwa cha kunata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo inaweza kuwa damu, na ni safari ya hospitali. Tembe zenyewe zikae mbali na watoto. Chache tu zinaweza kumuua mtoto mdogo.

Mwenye feritini nzuri hapati kasi yoyote kwa kumeza tembe hizi. Mwili hauna njia rahisi ya kutoa chuma kilichozidi, na kikirundikana huumiza ini na moyo. Na kuhusu dripu ya chuma, inayosifiwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wakimbiaji: ni tiba halali kwa waliopungukiwa sana au wasioweza tembe, lakini mkimbiaji anayepimwa dawa za kusisimua misuli ajue kwamba chuma hakijapigwa marufuku, ila dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 imepigwa marufuku na WADA. Isipokuwa kama umetibiwa ukiwa hospitalini, utahitaji kibali.

Wiki nane baadaye binti anapimwa tena. Hemoglobini 13.5, feritini 26. Zile kilomita nane moyo unapiga 154. Hamu ya odowa iliisha kabla hata mlima haujawa rahisi, na haikumbuki siku gani. Daktari anamwambia aendelee na tembe miezi mitatu zaidi, kwa sababu mfuko umejaa lakini sacco bado, na hedhi nayo ichunguzwe na daktari wa wanawake. Nusu marathoni ya msimu huu ameihamishia kwenye kilomita kumi.