Samani za Chumba cha Kulia: III. Kabati la Kando

Katika sehemu iliyopita tuliitazama meza yenyewe. Leo twamfikia jirani yake, kabati la kando, ambalo wengi wetu hulichagua kwa kuvutiwa na rangi ya mninga katika karakana za maseremala wa Nyakato, ilhali hatujakipima chumba litakamokaa. Waungwana wa kale wa Lamu waliiepuka taabu hiyo kwa kujenga vidaka katika kuta zao, wakapanga humo vyombo vya kaure, na sakafu ikabaki huru. Sisi tusio na vidaka hatuna budi kuanza na hesabu ya sakafu.

Tuchukue chumba chenye upana wa sentimita 300, na meza yenye upana wa 90 katikati yake, chini ya taa inayoning'inia darini. Kila upande husalia 105. Ukiweka kabati lenye kina cha 45, utabakiwa na 60 tu, na mgeni anayetaka kuinuka, ambaye kwa kukisia huhitaji 75, atagonga milango kwa mgongo wa kiti. Waweza kuisogeza meza sentimita 30 upande wa pili, lakini taa haitakuwa tena juu ya kitovu chake. Kwa hiyo chumba hiki chastahili meza nyembamba ya ukutani yenye kina cha 30: sahani ya kulia, ambayo kwa kawaida haizidi 27, itakaa juu yake pasina shida, ingawa sinia kubwa la pilau litachungulia nje ya ukingo. Kabla ya kumlipa fundi arubuni, tandaza magazeti sakafuni kwa kipimo hicho, ukae kitini, kisha uinuke. Mwili wako utakuwa kadhi mwadilifu kuliko jicho.

Kimo nacho kiwe sentimita 85 hivi, yaani kumi zaidi ya meza ya kulia, ili mwenye kupakua asiiname.

Ama kuhusu kuipamba meza hiyo ya ukutani, tuseme urefu wake ni sentimita 120. Tundika juu yake kioo chenye upana wa 80, yaani thuluthi mbili za urefu huo, na ukingo wake wa chini uwe kama 20 juu ya ubao; kikipanda zaidi, kioo na meza vitaonekana kama mahasimu waliopeana visogo. Weka taa ndefu mwisho mmoja, na mwisho wa pili kibuyu cha Kisukuma pamoja na bakuli pana la maembe, ili vimo vitofautiane. Katikati pabaki patupu, kwani hapo ndipo sato wa mchuzi atakapotua saa ya chakula. Lakini tandika kwanza kitambaa kizito, maana joto na mvuke wa sufuria hupenya katika vanishi na kuacha duara jeupe.

Juma lijalo, inshallah, tutaieleza mbao yenyewe.