Bati linavuja, fundi haji? Mwandikie hivi msimamizi wa nyumba

Umepanga chumba Kayanga au Nkwenda, mvua za masika zimeanza, bati linavuja. Kila ukipiga simu unaambiwa "fundi anakuja kesho". Sasa andika, na utaje tarehe badala ya hasira. Mfano:

"Habari za kazi. Bati la chumba namba 3 linavuja juu ya kitanda. Nilikueleza Machi 4, 11 na 20. Kila mara uliahidi fundi, hakufika. Naomba paa litengenezwe kabla ya Machi 30. Tafadhali nijibu kwa maandishi kufikia kesho jioni, ukitaja siku atakayokuja fundi. Kodi yangu imelipwa hadi Juni."

Sentensi ya mwisho inamzuia kuhamishia mazungumzo kwenye deni. Ukimwita tapeli, atajibu tusi na bati litabaki vilevile.

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo kutunza paa na kuta za nje. Hata hivyo, soma mkataba wako kwanza. Ambatanisha picha ya panapovuja, na usifute ujumbe huo.