Fokasi ya Kioo cha Tufe: Kwa Nini Ni Nusu ya Nusukipenyo, na Hadi Wapi

Kioo mbonyeo cha tufe ni kipande cha ganda la tufe kilichong'arishwa upande wa ndani. Kitovu cha tufe hilo, C, kiko hewani mbele ya kioo, na kila sehemu ya uso wa kioo iko umbali uleule kutoka kwenye kitovu hicho. Umbali huo ndio nusukipenyo, R. Mstari unaotoka C hadi katikati ya uso wa kioo, V, huitwa mhimili mkuu. Miali ya mwanga inayokuja sambamba na mhimili huo, kama ile ya jua, huakisiwa na kukutana mbele ya kioo mahali panapoitwa fokasi. Vitabu vya sekondari husema fokasi iko katikati kabisa ya C na V, yaani umbali wake kutoka kwenye kioo ni nusu ya R. Kauli hiyo ina sehemu iliyo kweli tupu na sehemu iliyo makadirio, na inafaa kuzitenga.

Chanzo cha nusu hiyo ni kanuni ya kuakisi. Mwali ukigonga kioo, pembe unayoingia nayo hulingana na pembe unayotoka nayo, zote mbili zikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso pale mwali ulipogonga. Katika kioo cha tufe mstari huo haufichiki: ni nusukipenyo yenyewe, kwa sababu kila nusukipenyo husimama wima juu ya uso wa tufe. Chukua mwali ulio sambamba na mhimili unaogonga kioo mahali P, na pembe yake ya kuingia iwe i. Kwa kuwa mwali ni sambamba na mhimili, nusukipenyo CP nayo inaukata mhimili kwa pembe hiyohiyo i. Mwali unapoakisiwa hugeuzwa mara mbili ya i: i moja hadi kuifikia nusukipenyo, na i nyingine kuivuka. Kwa hiyo unashuka kwenye mhimili kwa pembe ya 2i, ilhali nusukipenyo ina i tu. Mistari yote miwili inaanzia P, kwenye kimo kilekile juu ya mhimili. Ulio na mteremko maradufu utaufikia mhimili kwa takriban nusu ya umbali. Nusu ya R inatoka hapo, kwenye kule kugeuzwa mara mbili.

Neno "takriban" ndilo la kuchunguzwa. Mahali mwali ulioakisiwa unapoukata mhimili paitwe Q, kisha itazamwe pembetatu CPQ. Pembe iliyoko C ni i. Pembe iliyoko P, kati ya nusukipenyo na mwali ulioakisiwa, nayo ni i. Pembetatu yenye pembe mbili zilizo sawa ina pande mbili zilizo sawa, hivyo CQ ni sawa na QP. Mpaka hapa hakuna makadirio yoyote. Usawa huo unashika kwa mwali uliopita karibu na mhimili na kwa ule ulioangukia ukingoni.

Makadirio huingia katika hatua inayofuata, na mara nyingi hupitishwa haraka ubaoni. Mwalimu husema kwamba P iko karibu na V, kwa hiyo QP na QV ni kitu kimoja. Tukikubali hilo, CQ inakuwa sawa na QV, na Q inakaa katikati ya C na V. Huu ndio ukadiriaji wa miali ya karibu na mhimili. Lakini QP ni mstari wa mshazari, na QV umelala juu ya mhimili. Kadiri P inavyopanda mbali na V ndivyo mistari hiyo miwili inavyoachana. Asiyetaka kukadiria atapata kutoka kwenye pembetatu ileile:

CQ = R / (2 cos i)

Umbali kutoka V hadi Q ni R ukitoa CQ, na pembe i hupatikana kwa sin i = h/R, ambapo h ni kimo cha mwali juu ya mhimili. Kosaini ya pembe ndogo ni karibu 1, na hapo CQ huwa nusu ya R. Pembe ikikua, kosaini hupungua, CQ hurefuka, na Q husogea kuelekea kwenye kioo.

Kwa mfano, kioo chenye R ya sentimita 60 kinatarajiwa kuwa na fokasi kwenye sentimita 30. Mwali uliopita sentimita 3 juu ya mhimili hukata mhimili kwenye sentimita 29.96, pungufu kwa chini ya nusu milimita. Rula ya darasani haiwezi kuuona upungufu huo. Uliopita sentimita 15 juu hukata kwenye 29.0, na sasa upungufu ni sentimita nzima. Mwali wa kimo cha sentimita 30 hukata kwenye 25.4. Ukipanda hadi sentimita 52 hivi, pembe i hufika nyuzi 60, kosaini yake ni nusu, CQ inakuwa sawa na R, na mwali unatua V penyewe, juu ya kioo. Miali ya juu zaidi ya hapo, kama kioo kina kina cha kutosha, hugonga kioo mara ya pili kabla haijaufikia mhimili, na suala la fokasi yake halipo tena.

Kwa hiyo miali sambamba haikutani mahali pamoja. Hukata mhimili katika kipande cha mstari, na nusu ya R ni ncha ya kipande hicho iliyo mbali zaidi na kioo, ncha ambayo miali huikaribia kadiri inavyopita karibu na mhimili.

Jambo hili huonekana kwenye kikombe cha chai chenye ukuta wa ndani unaong'aa. Jua likikiangukia kwa mshazari, ukuta wa upande mmoja huakisi mwanga juu ya chai, na hapo hutokea mstari mkali uliopinda pande mbili na kukutana kwenye ncha katikati. Ncha hiyo iko nusu ya njia kati ya ukuta na kitovu cha kikombe: ndiyo nusu ya R. Mabawa mawili yanayotoka kwenye ncha kuelekea ukutani ni kazi ya miali iliyogonga mbali na mhimili, kila mmoja ukiligusa bawa mahali pake. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens aliichambua mchirizo huo katika kitabu chake cha mwanga cha mwaka 1690.

Katika maabara dalili haiko wazi hivyo. Mwanafunzi anayetumia kioo kipana kupata taswira ya dirisha la mbali kwenye karatasi atasogeza karatasi mpaka taswira iwe safi kuliko kwingine. Lakini mahali hapo siyo nusu ya R. Doa la mwanga huwa dogo kuliko yote takriban robo tatu ya njia kutoka kwenye fokasi ya kitabuni kuelekea pale inapokata miali ya ukingoni. Kwa kioo cha mfano wetu, kikiwa na upana wa sentimita 30, ataandika karibu 29.3 badala ya 30, na akirudia atapata vilevile. Namna ya kutambua kama kosa ni la rula au la kioo ni kufunika kioo kwa karatasi nyeusi yenye tundu la katikati. Taswira ikififia lakini ikawa safi zaidi, na karatasi ikadai kusogezwa nyuma ili taswira itulie, miali ya ukingoni ndiyo iliyokuwa ikiharibu.

Uharibifu huo hukua haraka. Upungufu wa umbali huongezeka kwa kipeo cha pili cha h, ila ukungu kwenye taswira huongezeka kwa kipeo cha tatu, kwa sababu miali ya juu hukosa shabaha zaidi na pia huteremka kwa mshazari zaidi. Upana wa kioo ukiongezwa mara mbili, ukungu huongezeka mara nane. Kwenye karatasi iliyowekwa sentimita 30, mwali wa kimo cha sentimita 3 hutua milimita 0.04 kutoka kwenye mhimili. Wa sentimita 6, milimita 0.3, wa sentimita 15, zaidi ya milimita 5. Hakuna mpaka mmoja ambapo ukadiriaji huvunjika: mpaka huwekwa na ukungu unaovumilika kwa kazi husika.

Isidhaniwe kwamba tufe ni umbo baya. Taa ndogo ikiwekwa kwenye C, kila mwali hugonga kioo wima na kurudi ulikotoka, hata ule wa ukingoni kabisa, bila kasoro. Tatizo huja pale tufe linapotakiwa kukusanya miali sambamba. Kazi hiyo ni ya parabola, ambayo hurefusha mkunjo wake ukingoni kiasi kinachotosha kurudisha miali yote mahali pamoja. Lakini parabola ina mhimili mmoja tu. Miali ikija kwa mshazari, nayo huivuruga. Tufe halina mhimili lililoupendelea; mstari wowote unaopita C unafaa sawasawa na mwingine.

Hiyo ndiyo sababu darubini ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, ilijengwa kwa umbo la tufe. Bakuli lake, lililofunguliwa mwaka 1963 ndani ya bonde la asili la mawe ya chokaa, lilikuwa na upana wa mita 305 na R ya mita 265. Bakuli la ukubwa huo haligeuzwi, kwa hiyo kilichosogezwa ni kipokezi kilichoning'inizwa juu yake, na kwa njia hiyo darubini iliweza kutazama hadi nyuzi 20 hivi kutoka utosini. Gharama ya uamuzi huo ilikuwa kasoro ya tufe. Nusu ya R ni mita 132.5. Mawimbi ya ukingoni, yenye h ya mita 152.5, hufika kwa pembe ya nyuzi 35, na hesabu ileile ya pembetatu huyaweka mita 103 kutoka chini ya bakuli. Kati ya ncha hizo mbili kuna mita 29.5. Wahandisi hawakujaribu kukwepa mstari huo, waliufuata. Walining'iniza antena ndefu ya urefu wa mita 29 iliyoelekea chini, ili kila sehemu yake ipokee mawimbi ya pete yake ya bakuli.

Antena ya namna hiyo ilikuwa na udhaifu wake: kila moja ilifaa kwa ukanda mwembamba tu wa masafa. Mwaka 1997 likaongezwa kuba lenye vioo viwili vya ziada, vilivyochongwa kwa umbo la kufuta tofauti kati ya mawimbi ya katikati na ya ukingoni na kuyakusanya mahali pamoja. Tangu hapo kipokezi kidogo cha kawaida kiliweza kutumika kwa masafa mbalimbali, mpaka jukwaa lilipoangukia bakuli tarehe 1 Desemba 2020.