Kabla ya Kununua Oveni ya Pili

Mwenye bekari ndogo akitaka kupanua kazi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya oveni. Ni afadhali aanze kwa kuangalia saa. Tuchukue bekari ya mfano mjini Morogoro inayooka mikate 400 kwa siku na inataka kufikia 800. Oveni yake inaingiza mikate 100 kwa mkupuo, na kila mkupuo, pamoja na kupakia na kupakua, unachukua dakika 45. Mikate yote 400 inaisha kwa saa tatu tu, kisha oveni inakaa bure.

Kinachokwamisha kiko kwingine. Mkate unahitaji kama saa mbili kupoa kabla ya kukatwa na kufungwa. Ukifungwa na joto, mvuke hubaki ndani ya mfuko na ukungu huota mapema. Rafu za kupozea zikitosha mikate 200 tu, oveni kubwa itaongeza msongamano. Tena oveni kubwa ya umeme huenda ikadai umeme wa njia tatu, na gharama ya kuuvuta ijulikane kabla ya kulipa chochote.

Sasa pesa. Tuseme bekari inaliuzia duka mkate kwa shilingi 1,000, na unga, hamira, mafuta, sukari, mfuko, nishati na usafiri vinakula 750. Zinabaki 250. Rejesho la mkopo wa oveni ni 900,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wawili wapya ni 500,000. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni karibu 54,000 kila siku, sawa na mikate 216 ya nyongeza. Inaonekana rahisi.

Lakini maduka mengi huchukua mkate kwa mali kauli, na usiouzwa hurudishwa. Ikirudi mikate 10 katika kila 100, unapokea 90,000 baada ya kutumia 75,000: faida kwa kila mkate uliookwa inashuka hadi 150. Sasa unahitaji kuoka mikate 360 ya nyongeza ili tu usipate hasara. Hapa ndipo miradi mingi ya namna hii inapoponea au kuzama, na mara nyingi mikate inayorudishwa haimo kabisa kwenye hesabu inayopelekwa benki.

Soko basi lisipimwe kwa kuwauliza wenye maduka kama watachukua zaidi; kwa kuwa mali kauli haiwagharimu kitu, watakubali. Andika kwa wiki mbili, duka kwa duka, mikate iliisha saa ngapi na ilibaki mingapi. Duka linalomaliza saa nne asubuhi liongezwe. Linalobakiza jioni lipunguzwe.

Kwa bekari hii ningeshauri rafu mpya na zamu ya pili kwa oveni ileile, unga ukikandwa kwa awamu ili kinyunya kisiumuke kupita kiasi kikisubiri. Bila rejesho la mkopo, hata mikate inayorudishwa ikibaki 10 kwa 100, mikate 130 ya ziada kwa siku inalipa mishahara ya zamu hiyo.