Kabari Elfu Kumi za Darwin

Kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka London tarehe 24 Novemba 1859. Sura ya tatu, inayozungumzia mapambano ya kuishi, ilikuwa na sitiari moja nzito: ulimwengu wa viumbe ulifananishwa na uso laini uliopigiliwa kabari kali elfu kumi, zimebanana, zinagongwa bila kupumzika, mara hii, mara ile. Toleo la pili lilipotoka Januari 1860, sentensi hiyo haikuwemo. Hoja ya sura haikupungua chochote.

Darwin alikuwa na picha hiyo tangu Septemba 1838, alipoiandika daftarini baada ya kusoma maandishi ya Malthus juu ya ongezeko la watu. Ikazidi kunenepa. Katika mswada mrefu alioushughulikia kati ya 1856 na 1858, kabari zilipewa maumbo mbalimbali kuwakilisha spishi mbalimbali. Mapigo yalikuwa makali wakati mmoja na hafifu wakati mwingine. Kabari iliyozama iliwasukuma wenzake nje, na mtikisiko ukasafiri hadi kwa kabari za mbali. Chini ya yote aliweka tabaka gumu lenye kupanda na kushuka, lisilopenyeka kwa kabari yoyote: hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha chakula ambacho kiumbe anakihitaji.

Hapo ndipo sitiari inapoanza kumgeuka mwenyewe. Ichukuliwe karatasi, upande mmoja ziandikwe sehemu za picha, upande wa pili kile ambacho kila sehemu inawakilisha. Kabari ni spishi. Lakini sura hiyohiyo inasisitiza kwamba ushindani ulio mkali kuliko wote ni wa viumbe wa spishi moja, wanaogombea chakula kilekile mahali palepale. Na ndani ya kabari moja hakuna anayeshindana na mwenzake. Je, nyundo ni nini? Ikiwa ni uzazi, nguvu hiyo inatoka ndani ya spishi yenyewe, ilhali kabari hupigwa na mkono wa nje. Tena, kabari haibadiliki umbo kadiri inavyogongwa, na nadharia nzima inahusu mabadiliko. Msomaji anayeifuata picha kwa uaminifu anafika mahali ambapo mwandishi hakutaka afike.

Dalili nyingine iko kwenye neno “kwa hiyo”. Mwandishi wa makala ya nadharia akisema “kwa hiyo”, linalofuata lazima litokane na ushahidi au na dai lililotangulia. Likitokana na tabia ya kabari, basi sitiari imeacha kueleza na imeanza kuthibitisha, kazi ambayo haina uwezo nayo. Dawa ni kuiandika aya upya kwa maneno ya kawaida. Darwin alikuwa tayari ameyaandika, juu kidogo ya kabari zake: kila kiumbe huelekea kuongeza idadi, wengi huangamia, na kizuizi kikilegea hata kidogo idadi hupanda upesi. Kilichobaki kilikuwa ni kufuta tu.

Si kila sitiari inastahili kisu. Mwaka 1866 Alfred Russel Wallace alimwandikia Darwin kwamba neno “uteuzi” linawapotosha wasomaji, kwa kuwa wanamtafuta anayeteua. Alipendekeza usemi wa Herbert Spencer, “kusalia kwa wanaofaa zaidi”. Darwin aliupokea, akauingiza katika toleo la 1869, lakini uteuzi asilia hakuuacha. Alikuwa na sababu nzito: sura ya kwanza ya kitabu inaonyesha jinsi wafugaji wa njiwa walivyopata aina nyingi kwa kuchagua wazazi, na hoja yote inapanda kutoka hapo. Sitiari hii ikiondolewa, daraja kati ya banda la mfugaji na msitu linavunjika.

Badala ya kuifuta, aliiwekea mpaka. Katika toleo la 1861 alieleza kwamba hasemi juu ya mungu wala nguvu yenye nia, na kwamba wanafizikia nao husema mvutano huzitawala sayari bila kushutumiwa. Hata “mapambano” aliyaeleza mapema: mbwa wawili wanaogombea chakula wakati wa njaa hupambana kweli, lakini mmea ulio ukingoni mwa jangwa unaposemwa kupambana na ukame, maana yake ni kwamba uhai wake unategemea unyevu. Maelezo hayo yanachukua mistari michache tu.

Basi mwenye rasimu ya nadharia mezani aifute kwanza sitiari yake kwa penseli na kuisoma aya bila hiyo. Aya ikisimama, asiirudishe. Ikianguka, airudishe, kisha aandike papo hapo ni sehemu gani ya picha anayoitumia na ni ipi asiyoitumia.